Orodha ya michango kwa mkono: kutenganisha ahadi na fedha zilizolipwa (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Majibu haya ni kwa yule anayepewa daftari na kalamu siku ya hafla ya kuchangisha na kuambiwa, "Wewe utaandika." Jumla zote mbili, ya ahadi na ya fedha zilizolipwa, zitatoka kwenye daftari lake, na maswali yakizuka baadaye ataulizwa yeye kwanza.

Kwa nini nisiwe na safu moja tu ya "Kiasi", halafu pembeni niandike "ahadi" au "amelipa"?

Kwa sababu safu moja hujumlishwa mara moja, na jumla utakayopata ni mchanganyiko wa fedha zilizo mezani na maneno. Kuzitenganisha utalazimika kupita mstari kwa mstari ukisoma maelezo ya pembeni, huku mshereheshaji amesimama anasubiri. Hapo ndipo mistari hurukwa.

Tatizo kubwa zaidi huja mtu anapolipa ahadi yake. Mwenye safu moja atafanya mojawapo ya mambo mawili: atafuta neno "ahadi" na kuandika "amelipa", na hivyo kupoteza kumbukumbu kwamba iliwahi kuwa ahadi, au atamwandika upya chini kabisa kama mchangiaji mpya, na mtu mmoja atahesabiwa mara mbili. Hili la pili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote kwenye orodha za michango, na halionekani kwa macho kwa sababu kila mstari ukiusoma peke yake ni wa kweli.

Basi nichore safu ngapi?

Safu tatu za fedha, si mbili. Wengi huchora "Ahadi" na "Taslimu" wakadhani wamemaliza. Lakini fedha zinazoingia ni za aina mbili: kuna za mtu aliyeahidi kwanza na sasa anapunguza deni lake, na kuna za mtu ambaye hakuahidi chochote, ametoa tu. Zikiandikwa safu moja, hutaweza kujua ahadi zimebaki ngapi bila kurudi kupekua majina.

Kwa hiyo, kuanzia kushoto: namba, jina, simu, Ahadi, Ahadi iliyolipwa, Bila ahadi, na mwisho njia ya malipo. Laza daftari kwa upana ili majina yasibanane. Safu ya "Baki" usiichore kwenye orodha hii. Baki hubadilika kila mtu akilipa, na kitu kinachobadilika hakifai kuandikwa kwa wino. Utakitafuta kwa hesabu siku ya kutoa taarifa.

Namba ya mstari usiione ya kupamba. Majina hufanana, huandikwa vibaya, na mtu mmoja huweza kuitwa kwa jina la mtoto wake hapa na kwa jina la ukoo pale. Namba haina utata, na kila karatasi nyingine itakayohusiana na orodha hii itamtaja mchangiaji kwa namba hiyo.

Nionyeshe mfano ulioandikwa.

Huu hapa ukurasa mfupi wa mistari 8, jinsi ulivyo dakika ya mwisho wa hafla. Majina nimeyaacha.

| Na. | Ahadi | Ahadi iliyolipwa | Bila ahadi |
|---|---|---|---|
| 1 | – | – | 5,000 |
| 2 | 10,000 | 4,000 | – |
| 3 | 20,000 | – | – |
| 4 | – | – | 2,500 |
| 5 | 5,000 | – | – |
| 6 | 15,000 | – | – |
| 7 | – | – | 1,000 |
| 8 | 3,000 | – | – |
| Jumla | 53,000 | 4,000 | 8,500 |

Mtazame wa namba 2. Amesimama akasema, "Naahidi elfu kumi, na hapa nina elfu nne." Ahadi yake ni 10,000 kamili, wala si 6,000. Waandishi wengi hutoa kichwani na kuandika elfu sita kwenye ahadi na elfu nne kwenye taslimu. Hesabu ya siku ile itakuwa sawa, lakini wiki ijayo atakapoulizwa "uliahidi ngapi?" yeye atasema kumi na daftari litasema sita. Andika alichotamka.

Vistari kwenye visanduku vitupu navyo vina kazi. Kisanduku kilichoachwa wazi kinaweza kujazwa na mtu yeyote, siku yoyote. Chenye kistari kinaonyesha mara moja kama kimeguswa. Kwa anayedaiwa tu ndipo unaweza kuacha "Ahadi iliyolipwa" wazi mpaka hafla iishe, kwa kuwa anaweza kurudi mezani jioni ileile.

Jumla zenyewe natoaje, na nitangaze ipi?

Kutoka kwenye safu hizo tatu unapata namba tatu, na zote tatu utaziandika chini ya orodha.

Fedha zilizopokelewa ni ahadi iliyolipwa kujumlisha bila ahadi: 4,000 + 8,500 = 12,500. Hizi ndizo zinazotakiwa kuwepo mkononi.

Ahadi zilizobaki ni ahadi zote kutoa iliyolipwa: 53,000 − 4,000 = 49,000.

Jumla inayotarajiwa ni ahadi zote kujumlisha bila ahadi: 53,000 + 8,500 = 61,500. Na hapa kuna njia ya pili ya kuifikia: zilizopokelewa kujumlisha zilizobaki, 12,500 + 49,000 = 61,500. Zikipishana, umekosea kujumlisha mahali fulani.

Hesabu ambayo *hutakiwi* kuifanya, na ambayo mkono hukimbilia wenyewe, ni ahadi zote kujumlisha fedha zilizopokelewa: 53,000 + 12,500 = 65,500. Zile 4,000 za namba 2 zimeingia mara mbili, kwanza ndani ya ahadi yake ya 10,000, kisha ndani ya fedha. Kadiri watu wanavyolipa ahadi zao, hesabu hii inazidi kuvimba, na siku wote wakimaliza kulipa itakuwa imehesabu kila ahadi mara mbili.

Kutangaza, kwa maoni yangu taja mbili tu: "Tumepokea elfu kumi na mbili na mia tano. Ahadi ambazo bado ni elfu arobaini na tisa." Ile ya 61,500 ndiyo mshereheshaji huipenda kwa kuwa ni kubwa, lakini ikitoka kwenye kipaza sauti peke yake, watu wataondoka wakiamini fedha hizo zipo, na baada ya mwezi wataanza kuuliza zimekwenda wapi. Kama lazima itajwe, itajwe ya mwisho, baada ya hizo mbili.

Watu wakilipa ahadi siku zinazofuata, naandika wapi?

Si kwenye orodha. Orodha ya siku ya hafla hufungwa jioni ileile: piga mstari chini ya jina la mwisho, andika jumla, weka tarehe, na watu wawili watie sahihi. Nafasi iliyobaki chini ya ukurasa ipigwe mstari wa mshazari. Baada ya hapo haiongezwi kitu.

Malipo ya baadaye yana ukurasa wake, ulioandikwa juu "Malipo ya ahadi". Safu zake ni tarehe, namba ya mchangiaji kwenye orodha, kiasi, njia, na namba ya stakabadhi. Kila malipo ni mstari mpya, hata kama mtu mmoja analipa kwa vipande vitano. Ubora wake ni kwamba hakuna namba inayofutwa ili nyingine iwekwe, na mtu akisema "mimi nilileta mara tatu", unamhesabia mistari mitatu pamoja na tarehe zake.

Tuendelee na mfano wetu. Wiki mbili zimepita. Namba 5 ameleta 5,000, yaani amemaliza. Namba 6 ameleta 7,500, nusu. Namba 8 aliahidi 3,000 lakini ameleta 5,000.

Huyo wa namba 8 aliyezidisha anaandikwaje?

Malipo yake yagawanywe. 3,000 zinaingia kwenye malipo ya ahadi, kwa sababu ndizo alizoahidi. 2,000 zilizozidi zinahesabiwa kama "Bila ahadi". Kwenye ukurasa wa malipo atakuwa na mistari miwili ya tarehe moja na stakabadhi moja, na mstari wa pili utaandikwa "ziada, bila ahadi".

Ukiziandika zote 5,000 kama malipo ya ahadi, zile 2,000 za ziada zitapunguza deni la watu wengine kwenye hesabu. Angalia: malipo yote ya ahadi yangekuwa 4,000 + 5,000 + 7,500 + 5,000 = 21,500, na baki 53,000 − 21,500 = 31,500. Lakini wadaiwa wenyewe ukiwahesabu mmoja mmoja ni namba 2 (6,000), namba 3 (20,000) na namba 6 (7,500), jumla 33,500. Daftari linasema moja, watu wanasema jingine, na utakesha ukitafuta elfu mbili ambazo hazijapotea.

Zikigawanywa, malipo ya ahadi ni 19,500 na baki ni 33,500, sawasawa na wadaiwa. Bila ahadi imepanda hadi 10,500. Zilizopokelewa ni 19,500 + 10,500 = 30,000. Jumla inayotarajiwa ni 53,000 + 10,500 = 63,500, na kwa njia ya pili 30,000 + 33,500 = 63,500. Imekubali.

Ahadi yake usiibadilishe kutoka 3,000 kwenda 5,000 ili mambo yaonekane nadhifu. Hakuahidi tano.

Orodha ikiwa na kurasa nyingi, jumla ya ukurasa mmoja ihamishwe juu ya ukurasa unaofuata?

Wahasibu wengi hufanya hivyo. Kwa orodha ya mkono inayoandikwa kwa haraka mimi sipendi, kwa sababu kosa la ukurasa wa 2 linatembea na kuchafua wa 3, wa 4 na kuendelea, na ukiligundua utasahihisha kurasa zote. Kila ukurasa ubaki na jumla yake chini, halafu ukurasa wa mwisho uwe wa muhtasari: ukurasa wa 1, ukurasa wa 2, hadi mwisho, kila mmoja na jumla zake tatu, kisha jumla ya jumla. Kosa likipatikana, unarekebisha ukurasa mmoja na mstari mmoja wa muhtasari.

Pia weka idadi ileile ya mistari kila ukurasa, tuseme 20. Ukurasa wenye mistari 19 utajitangaza wenyewe.

Fedha zilizohesabiwa hazilingani na daftari. Nianzie wapi?

Anza kwa kuandika tofauti yenyewe kwenye karatasi ya pembeni, na uone fedha ndizo nyingi au daftari ndilo lenye nyingi. Tofauti hiyo mara nyingi inakuonyesha kosa lilipo.

Kama tofauti ni sawa kabisa na kiasi fulani kilichomo kwenye orodha, shuku safu. Turudi kwenye jedwali letu la siku ya hafla. Tuseme mwandishi alimwandika namba 4, 2,500, kwenye safu ya Ahadi badala ya Bila ahadi. Jumla ya ahadi inakuwa 55,500, bila ahadi 6,000, na jumla inayotarajiwa bado ni 61,500. Hakuna kinachoonekana! Njia zile mbili za kuhakiki zitakubali zote, kwa kuwa fedha zimehama safu tu. Kinachofichua ni sanduku: daftari linasema zimepokelewa 10,000, mkononi kuna 12,500. Fedha zimezidi kwa 2,500, kwa hiyo pita safu ya Ahadi ukitafuta 2,500. Ndiyo maana fedha lazima zihesabiwe na mtu mwingine ambaye hajaona jumla ya daftari, halafu namba mbili zikutanishwe. Akiijua kwanza, atahesabu mpaka ifike.

Kama tofauti haipo kwenye orodha, igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa tarakimu mbili zimepishana au sifuri imeruka. Aliyetoa 5,400 akaandikwa 4,500 ataacha tofauti ya 900. Aliyetoa 5,000 akaandikwa 500 ataacha 4,500, na 4,500 ukigawanya kwa 9 unapata 500, yaani namba yenyewe iliyoandikwa vibaya. Itafute kwenye safu.

Kama ni tofauti ndogo isiyofanana na chochote, mara nyingi ni chenji. Mtu alitoa noti kubwa akataka arudishiwe, akarudishiwa pungufu au zaidi. Hapo hakuna cha kutafuta. Andika "pungufu" au "ziada" na kiasi, mtie sahihi wote wawili, na orodha iachwe ilivyo. Usichomeke jina la kubuni ili hesabu ikae sawa.

Waliotuma kwa simu, na wenye hundi?

Aliyetuma kwa simu amelipa, lakini fedha zake hazimo sandukuni. Kwenye safu ya njia weka herufi moja: T kwa taslimu, S kwa simu, H kwa hundi. Wakati wa kuhakiki, jumla ya T ilinganishwe na sanduku, na jumla ya S ilinganishwe na ujumbe wa miamala. Ukizichanganya, upungufu wa sanduku utajificha nyuma ya simu.

Andika baada ya kuona ujumbe ulioingia kwenye namba inayopokea, si baada ya kuonyeshwa skrini ya mtumaji. Na jina la kwenye ujumbe mara nyingi si la mchangiaji, kwa sababu ametumia simu ya mwenzake, hivyo muulize palepale na uandike namba yake ya mstari kando ya ujumbe. Ada ya kutoa fedha ni matumizi ya kamati. Mchangiaji aandikiwe kiasi kilichofika.

Hundi mimi huiweka kwenye safu ya Ahadi mpaka benki ithibitishe. Wengine huona kama ni kumdharau mtoaji. Lakini hundi ikirudi baada ya kutangazwa kama fedha zilizopokelewa, ni aibu kwake kuliko hiyo.

Kikundi kikiahidi kwa pamoja?

Mstari mmoja, jina la kikundi, na chini yake jina na simu ya mtu mmoja anayebeba ahadi hiyo. Hatari ni pale kiongozi anaposema "sisi tunaahidi elfu ishirini", kisha wanachama wanakuja mezani mmoja mmoja na elfu mbilimbili. Kila anayekuja aulizwe: "Hii ni ya kikundi au ni yako mwenyewe?" Ikiwa ya kikundi, inaingia kwenye Ahadi iliyolipwa ya mstari wa kikundi, na jina lake linaandikwa kwenye stakabadhi tu. Ikiwa yake, apate mstari wake. Usipouliza, kikundi kitadaiwa elfu ishirini ambazo tayari zimo sandukuni chini ya majina mengine.

Ahadi za vitu, kama mifuko ya saruji au viti?

Orodha nyingine kabisa, nayo iwe na "ameahidi" na "ameleta", kwa idadi na si kwa fedha. Usikadirie thamani na kuiingiza kwenye safu za fedha.

Nikikosea kuandika?

Mstari mmoja juu ya namba iliyokosewa, isomeke bado, kisha namba sahihi juu yake na sahihi fupi kando. Wino wa kufutia usiwepo mezani. Kama mstari mzima umeharibika, ukate wote, andika "imefutwa", na namba yake isitumiwe tena.

Penseli itumike kwa jumla za majaribio tu, kabla hazijahakikiwa. Na katika kuandika, panga sifuri chini ya sifuri na koma chini ya koma. Ukiona koma imetoka nje ya mstari wa koma nyingine, kuna sifuri iliyozidi au kupungua, na utaiona kabla ya kujumlisha.

Asiyetaka jina lake litajwe?

Apate namba yake, na mahali pa jina andika "Asiyetajwa". Kama ametoa taslimu, imetosha. Kama ameahidi, ni lazima mtu mmoja wa kamati ajue ni nani, la sivyo ahadi hiyo haina wa kukumbushwa.

Tukiwa waandishi wawili kwenye meza mbili?

Meza ya kwanza ianze A1, A2, na ya pili B1, B2. Kila meza na sanduku lake, na kila sanduku lihakikiwe na orodha yake kabla fedha hazijachanganywa. Mkizimwaga pamoja kwanza, mkakuta pungufu, hamtajua ni meza ipi.

Mtu aliyeahidi meza A akaja kulipia meza B arudishwe A. Ikishindikana kwa msongamano, B iandike namba yake ya A kwenye stakabadhi, na fedha ziwekwe kwenye bahasha yenye namba hiyo ndani ya sanduku la B. Bahasha hiyo ihamishwe A kabla ya kuhesabu.

Ahadi ambayo wazi haitalipwa inafutwa lini?

Haifutwi kwenye orodha. Kamati ikikubali kumsamehe mtu, kwenye ukurasa wa malipo andika tarehe, namba yake, na kiasi chini ya kichwa tofauti cha "Zilizosamehewa", na sahihi za waliokubali. Wakati wa taarifa, baki inakuwa ahadi zote, kutoa zilizolipwa, kutoa zilizosamehewa. Katika mfano wetu, namba 3 akisamehewa 20,000 zake, wanaodaiwa watakuwa namba 2 na namba 6, jumla 13,500, na jumla inayotarajiwa itashuka kutoka 63,500 hadi 43,500. Fedha zilizopokelewa zinabaki 30,000 zilezile.

Zilizosamehewa zisomwe kwa jumla, bila majina.